Triko ya yaya: maneno gani yalibakisha mbavu na torsadi, na gani yaliyeyusha kila kitu

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anafumaka triko hapa Bukavu, kwa mkono, si mashine, anakaa na sindano zake pale Kadutu kutoka asubuhi mpaka giza. Kazi yake ni ya komandi: anafuma moja ya mfano, mteja anaichagua, anasema nataka hii lakini rangi ingine, na yaya anaifuma upya kwa rangi ile. Shida ni kwamba mfano uko mmoja tu, rangi ya krimu, na wateja wengi hawawezi kuwaza krimu ikiwa kijani. Basi akaniambia, dogo wewe unajua mambo ya telefone, nifanyie foto ya ile triko ikiwa kijani ya chupa, niiweke kwenye status.

Nikasema hiyo ni dakika mbili. Ilinikamata siku tatu na mega karibu zote za wiki. Naandika hapa vile ilienda kwa sababu naona watu wengi wanauza triko na foto zao zimeharibika vilevile, triko inatoka kama imepakwa siagi.

Kwanza ujue triko yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa wapi maneno yalikosea. Kwenye kifua katikati inashuka torsadi moja nene, ile msokoto kama nywele za kusuka, vitanzi 6, vitatu vinapita juu ya vitatu kila safu 8. Kando yake kuna torsadi mbili nyembamba, ya kushoto inalalia upande mmoja na ya kulia inalalia upande mwingine, zinaangaliana kama kwenye kioo. Katikati ya torsadi pako bapa, ni anveri tupu, yaani upande wa nyuma wa kitanzi, na hiyo njo inafanya torsadi inyanyuke, bila bapa ile haionekani. Halafu chini, mikononi na shingoni kuna mbavu: androa mbili, yaani upande wa mbele wa kitanzi, anveri mbili, androa mbili, anveri mbili, zinasimama wima na zinavutika. Nilihesabu mbavu za chini upande wa mbele, ziko 26. Torsadi ya katikati inajipinda mara 13 kutoka kwenye mbavu za chini mpaka shingoni. Kumbuka hizo namba mbili, 26 na 13, zitarudi.

Programu niliyotumia ni ya zile unaweka foto, unaandika unachotaka kibadilike, inakurudishia foto mpya. Jina haijalishi, nimejaribu tatu na zote zilifanya makosa ya aina moja.

Mara ya kwanza niliandika kama vile mtu angeandika tu: badilisha triko iwe kijani, ifanye safi, laini, nzuri ya duka. Nikaandika kwa kifaransa. Ikarudi kijani kweli, nzuri ya kung'aa, lakini torsadi zimekuwa vivuli vya moshi, mbavu za chini zimepotea zote, pako utepe tu wa kijani. Yaya akaangalia akacheka, akasema hii ni triko ya mashine ya Dubai, mimi sikufuma hii.

Kosa hapo ni maneno matatu: safi, laini, nzuri ya duka. Sisi tukisema laini tunawaza leni inavyoguswa na mkono. Ile programu haigusi kitu, yenyewe inajua laini kama ngozi ya uso iliyopakwa poda, yaani ondoa vitu vidogovidogo vyote. Na mbavu ya triko, ukiiangalia kwa macho ya foto, ni nini? Ni mwanga mdogo kando ya kivuli kidogo, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli. Ukisema ondoa mikunjo, ama safisha, ama lainisha, umeiambia ipige pasi hivyo vivuli. Neno la joto joto kama ya kupendeza, ya kukumbatia, hilo pia linaleta ukungu, maana foto zinazoandikwaga hivyo nyingi ni za mwanga mpole na nyuma kumefifia. Niliyaondoa yote.

Mara ya pili nikaamua kueleza muundo. Hapa ndipo lugha ilinicheza. Niliandika kwa kiswahili kwanza, triko yenye mistari ya kusimama na kamba mbele. Ee bwana. Ilinipatia triko ya kijani yenye mistari myeupe iliyochorwa, kama jezi ya mpira, na kamba mbili zinaninginia shingoni kama za kapishoni. Lakini ukifikiri ni mimi nilikosea: mstari ni kitu cha rangi, mbavu ni kitu cha mwinuko. Nikarudi kwa kifaransa, nikaandika mbavu tu bila kusema ni mbavu za nini, ikatoka velu ile ya mistari mistari ya suruali za wazee, mifereji imenyooka kama imekatwa na rula. Mbavu za triko hazinyooki hivyo, zinafuata mwili, zinafunguka mahali tumbo liko, zinajibana kiunoni, na ndani ya kila ubavu unaona vitanzi kama herufi V zimepangwa moja juu ya ingine.

Kwa hiyo neno ubavu peke yake halitoshi, lazima useme ni za kufumwa, ni ngapi kwa ngapi, ziko wapi, na zinaonekanaje, kwamba ni nguzo zilizonyanyuka na katikati kuna mfereji mwembamba wenye kivuli. Torsadi hivyohivyo: usiseme kamba, usiseme waya (kwa kiingereza neno la torsadi na neno la waya ni lilelile, ndiyo maana unaliandika pamoja na neno la kufuma, usiliache peke yake), sema iko ngapi, iko wapi, inashuka upande gani, na kati yake pako nini. Hilo la mwisho watu wanasahauga. Usipotaja bapa, programu inajaza pale na kitu chake, mara almasi, mara sega la nyuki, zile mapambo za triko za visiwa vya Aran kule Irlandi, maana foto nyingi za triko za torsadi duniani ni za mtindo ule na programu inadhani kila torsadi lazima iwe na hayo yote.

Hili la kujaza si jambo dogo kwa mtu wa komandi. Kuna mama mmoja aliona foto yangu ya jaribio, ile yenye almasi mbili pembeni, niliituma kwa yaya na yaya kwa haraka akaiweka status. Mama akalipa avansi, na siku ya kuchukua akauliza almasi ziko wapi. Yaya akarudisha avansi, na mimi nilipewa hotuba nzima jioni ile. Haki yake.

Basi mara ya tatu nikaandika vizuri, na hapo nikagundua kitu ambacho maneno hayawezi kutengeneza. Foto yangu ilikuwa ya mtu mzima mzima, kutoka kichwani mpaka viatu, amesimama kwenye ngazi, na nyuma unaona ziwa. Nzuri. Programu ikanirudishia foto ya piksel 1024 kwa urefu. Nikapima triko humo ndani: upana wake piksel 300 hivi. Gawanya 300 kwa mbavu 26, unapata 11 na kitu kwa ubavu pamoja na mfereji wake. Maana yake ubavu wenyewe uko na piksel kama 6. Sasa programu nyingi za namna hii hazichori piksel moja moja, zinakunja foto kwanza iwe ndogo, zinafanya kazi kwenye ile ndogo, kisha zinaikunjua. Stable Diffusion ya 2022, kwa mfano, inachukua foto ya 512 kwa 512 inaikunja iwe 64 kwa 64, yaani kila kipande cha piksel 8 kwa 8 kinakuwa nukta moja. Nukta ile si rangi tupu, inabeba habari kidogo za ndani, lakini ubavu wa piksel 6 unaingia mzima ndani ya nukta moja na mfereji wake unasukumwa nao. Ikikunjuliwa, programu inabuni. Unaweza kuandika mbavu mara kumi, haina mahali pa kuziweka.

Ndiyo maana siku hizi kabla ya kuandika neno lolote nahesabu kwanza. Nakata foto, triko ijaze karibu upana wote. Nilipokata kutoka kidevuni mpaka chini kidogo ya mbavu, triko ikawa na piksel 850 kwa upana. 850 kwa 26 ni 32 na kitu, sasa ubavu una piksel 16. Hiyo inaonekana, inapona. Vitanzi vyenyewe ni hadithi ingine: upande wa mbele uko na vitanzi kama 100 kwa upana, kwa hiyo kila kitanzi kina piksel 8 tu, kiko mpakani. Hapo unachagua, ama unakubali kwamba mbavu na torsadi zitapona lakini V ndogondogo zitafifia kidogo, ama unakata vipande viwili, kifua peke yake na mbavu za chini peke yake. Mimi nilikubali. Mteja wa status anaangalia kwenye kioo cha telefone, hahesabu V.

Na foto yenyewe isitoke WhatsApp. Yaya alinitumia ya kwanza kwa njia ya kawaida, ikafika imebanwa, mbavu za mikono tayari zimeungana kabla sijafanya kitu. Nikamwambia itume kama dokima, si kama foto, inakuja na uzito wake wote. Halafu tukaipiga upya karibu na dirisha, mwanga unaingia kutoka kushoto, umelala, saa nne asubuhi, bila flash. Flash inapiga usoni moja kwa moja inaua vivuli, na kivuli njo ubavu, nimeshasema. Zima pia ile ya kupendezesha uso, telefone zingine zinaipaka mpaka kwenye nguo.

Mara ya nne, kwenye kipande kilichokatwa, niliandika kwa kiingereza kwa sababu maneno ya kufuma kwa kiingereza programu ilikuwa inayashika vizuri zaidi, na kwa sababu kifaransa changu cha kufuma ni cha yaya, kimechanganyika. Nakiweka vile kilivyo:

```
Change only the yarn colour: cream to bottle green.
Keep the knit stitch for stitch: one thick cable down
the centre front, two narrower cables mirrored left and
right, flat purl ground between them.
Hem, cuffs, neck: knitted 2x2 rib, raised columns with
narrow shadowed grooves, lighter on top of each column.
Same side light from the left, same folds, same framing.
```

Angalia vile kimepangwa. Sentensi ya kwanza inasema kitu kimoja tu kinabadilika, na inasema ni rangi ya uzi. Si rangi ya triko. Tofauti inaonekana ya kijinga lakini nilijaribu zote mbili mara kadhaa: ukisema rangi ya triko, mara nyingi inamwaga rangi juu kama rangi ya ukuta, na mifereji inajaa rangi ileile. Ukisema uzi, inaelewa kwamba kila uzi ni wa kijani na vivuli vibaki mahali pake. Sentensi ya katikati ni picha ya triko kwa maneno, kutoka katikati kwenda pembeni, ili isibuni. Ya mbavu inataja mwanga juu ya nguzo na kivuli kwenye mfereji, na hiyo ni kwa ajili ya rangi ya giza. Krimu inaonyesha vivuli bure, lakini ukiipeleka kwenye kijani ya chupa, vivuli na kitambaa vinakaribiana, vinakuwa giza na giza. Ukitaja kwamba juu kuwe na mwanga zaidi, inabakisha nafasi kati yao. Ya mwisho inafunga mambo ya mwanga na mikunjo, maana ikibadilisha mwanga uje mbele, inakuwa kama flash, umerudi pale pale.

Utaona pia sikuandika popote usitie ukungu. Niliandika hivyo mara ya tatu na haikusaidia, nadhani hata iliharibu. Programu nyingi za foto hazishiki neno la kukataza vizuri, unataja ukungu, ukungu unaingia. Zingine ziko na kisanduku tofauti cha kuandika vitu usivyovitaka, hapo sawa, weka. Kama haina, andika unachotaka kionekane.

Sikuandika pia yale maneno makubwa ya ubora, kali sana, undani wa ajabu, 8K. Yaya mwenyewe aliniuliza kwa nini nisiweke, aliona mtu fulani anaweka. Nikamuonyesha. Inatoka kali kweli, lakini uzi umekuwa mnene mara mbili, kila kitanzi kimevimba kama kidole, na mbavu 26 zimekuwa 17. Ni triko nzuri, lakini si yake, ni ya mtu mwenye sindano namba 10. Ukali si muundo. Ukungu unaficha triko yako, na ukali wa bandia unakuletea triko ya mwingine, na huu wa pili ni mbaya zaidi maana huoni haraka.

Sasa namna ya kujua. Usiangalie foto ukasema nzuri, jicho linadanganywa na rangi. Weka mbili kando kando, vuta karibu, hesabu. Kwenye jibu la mara ya nne mbavu zilikuwa 25. Moja imepotea kwenye mkunjo wa kulia, sawa, hata kwenye ya krimu pale ni vigumu kuona. Mipindo ya torsadi ya katikati: 13, sawa kabisa, nilifurahi. Halafu nikaangalia upande wa kulala. Torsadi ya kushoto ilikuwa sawa, ya kulia imegeuka, zote mbili sasa zinalalia upande mmoja. Nilikuwa nimeandika zinaangaliana kama kioo na bado ilikosea. Hilo nimeona linarudi mara nyingi: idadi inashika kiasi, mahali inashika vizuri, lakini upande wa kujipinda inasahau. Hata ukiandika kushoto na kulia haijui kama ni kushoto kwako ama kwa aliyevaa.

Kwa hilo sikupigana tena kwa maneno. Nilikata kile kipande chembamba cha torsadi ya kulia tu, kutoka kwenye foto ya krimu, nikakirudisha kwenye programu peke yake na sentensi moja ya rangi ya uzi na moja ya mwanga, bila kutaja torsadi hata. Kipande kikiwa kikubwa vile na torsadi imejaa, haikuwa na sababu ya kubuni, ikabadilisha rangi tu. Nikakibandika mahali pake. Ukichungulia sana kuna mshono wa rangi chini ya kifua, kijani kimoja kimeelekea bluu kidogo.

Kuna njia ingine ambayo haihitaji maneno mengi, kama programu yako ya telefone inakubali foto kupandana: weka ya krimu chini, ya kijani juu, na ile ya juu uiweke kwenye hali ya `Color`. Inachukua rangi tu kutoka juu, na mwanga na vivuli vyote vinabaki vya foto ya kweli, mbavu zote 26. Lakini inaendana na rangi zenye mwanga unaokaribia ule wa krimu, kama manjano, waridi, kijani cha majani machanga. Kijani ya chupa ikawekwa hivyo inatoka kijani ya dawa ya meno, maana mwanga umebaki wa krimu. Ukiiweka kwenye `Multiply` badala yake inakuwa giza vizuri, ila lazima ushushe nguvu yake kidogo, la sivyo mifereji inaenda nyeusi tii.

Foto ya kijani ikaenda status siku ya nne, mbavu ziko, torsadi tatu ziko na zinaangaliana. Yaya akaikuza kwa vidole viwili, akahesabu mipindo kwa kugusa kioo na kucha, akasema hii ni yangu. Kisha akaniambia kuna mteja wa Nguba anataka nyeusi.

Nyeusi nilijaribu mara sita. Niliandika makaa badala ya nyeusi, niliandika kijivu cha usiku, niliongeza mwanga juu ya nguzo, na kila mara torsadi ya katikati inaonekana na mbavu za chini zinakuwa utepe. Mwishowe yaya akafuma kipande kidogo cha nyeusi, upana wa kiganja, torsadi moja na mbavu nane, tukakipiga pale dirishani saa nne, tukakituma pamoja na foto ya krimu. Mteja akaagiza.